Kadi za hotuba

Kadi za hotuba ni vipande vidogo vya karatasi ngumu ambavyo mzungumzaji hushika mkononi ili vimkumbushe hoja zake anapohutubia. Hazina hotuba nzima. Mtu anayesoma hotuba iliyoandikwa neno kwa neno anahitaji karatasi za kawaida na meza ya kuziweka. Mwenye kadi huzungumza kwa maneno yake mwenyewe, na huitazama kadi kwa nukta moja au mbili tu kila anapohitaji. Desturi ya kujisaidia kwa maandishi mafupi ni ya zamani. Kwintiliano, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya 1, aliruhusu wasemaji washike vijitabu vidogo vya kumbukumbu mkononi. Katika Bunge la Tanzania pia mbunge anayechangia hoja hatarajiwi kusoma mchango wake wote, lakini anaweza kutupia jicho kumbukumbu alizoandika.

Makala hii inahusu hotuba fupi, yaani ya dakika tatu hadi saba, kama zile zinazotolewa na wanafunzi kwenye mahafali, siku ya wazazi au mashindano ya skuli. Maswali mawili ndiyo humsumbua anayeanza: nini kiandikwe kwenye kila kadi, na kadi zipewe namba vipi. Mfano unaotumika hapa ni wa mwanafunzi wa sekondari wa Vitongoji, shehia iliyo mashariki ya mji wa Chake Chake katika Mkoa wa Kusini Pemba. Amepewa dakika tano kwenye siku ya wazazi aeleze kwa nini Pemba imekuwa kisiwa cha karafuu kuliko Unguja.

Ukubwa wa kadi

Karatasi ya A4 ikikatwa mara nne sawasawa hutoa vipande vya sentimita 10.5 kwa 14.8. Ukubwa huo unatosha kiganja, na karatasi ya manila inafaa kuliko karatasi ya daftari kwa sababu haitikisiki mkono unapotetemeka wala haipinduki kwa upepo wa feni. Kadi huandikwa upande mmoja tu. Anayeandika pande mbili hufika mahali akasahau kama upande wa nyuma ameshausema au bado, na hakuna namba inayoweza kumwokoa.

Mistari isizidi mitano au sita, kwa herufi zinazosomeka kadi ikiwa imeshikwa usawa wa kifua. Kipimo rahisi ni kuiweka kadi juu ya kiti, kusimama wima karibu nacho na kujaribu kuisoma. Ikibidi kuinama, herufi ni ndogo. Kalamu ya mpira ni salama kuliko ya wino unaolowa, kwani viganja vya mzungumzaji hutoka jasho.

Kuchagua cha kuandika

Kosa la kawaida ni kufupisha hotuba na kugawa ufupisho huo katika kadi. Mzungumzaji hujikuta na sentensi nusunusu za mambo ambayo angeyasema bila msaada wowote, na palepale anapokwama kadi haina kitu. Njia iliyo bora ni kuisema hotuba nzima kwa sauti mara mbili au tatu bila karatasi, mtu mwingine akisikiliza na kuandika kila mahali msemaji anaposita, anapokosea tarehe au anaporudi nyuma. Orodha hiyo ya vikwazo ndiyo mali ghafi ya kadi.

Vikwazo hivyo kwa kawaida huwa vya aina chache: majina na vyeo, tarehe na idadi, sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na daraja la kutoka hoja moja kwenda nyingine. Maelezo yenyewe hayaanguki kirahisi. Mtoto wa Pemba hahitaji kadi ya kumkumbusha namna karafuu zinavyoanikwa juu ya majamvi; anahitaji kadi ya kumkumbusha kwamba kimbunga kilipiga mwaka 1872 na si 1782.

Sentensi ya kwanza na ya mwisho ndizo pekee zinazoandikwa kamili. Ya kwanza, kwa sababu hofu huwa kali zaidi mwanzoni. Ya mwisho, kwa sababu asiyejua pa kukomea huendelea kusema "kwa hiyo" na "basi" mpaka kipaza sauti kinaombwa. Mengine yote huandikwa kwa maneno mawili hadi matano.

Hapo kuna jambo ambalo vitabu vya Kiingereza havisaidii. Vingi hushauri kuandika neno moja tu kwa kila hoja. Katika Kiswahili, neno moja lililotengwa na kiima chake linaweza kupoteza njia. Mwanafunzi wetu katika rasimu ya kwanza aliandika "kupanda" mara mbili kwenye kadi moja. Mara ya kwanza alikusudia bei ya karafuu kupanda baada ya kimbunga, mara ya pili watu kupanda mikarafuu Pemba. Katika mazoezi aliangalia neno la kwanza akaeleza la pili, na kisha hakuwa na la kusema. Naye angeweza kupotea mara ya tatu, kwani mchumaji naye hupanda mkarafuu. Tiba yake ni kumrudisha mtenda katika maneno: "bei ilipanda" na "Pemba ikapandwa mikarafuu". Maneno mawili matatu yenye viambishi vyake hufanya kazi ya sentensi nzima.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Mwaka 1872 huandikwa kwa tarakimu nne lakini hutamkwa "elfu moja mia nane sabini na mbili", na wengi hukwaa katikati au huangukia Kiingereza. Mwaka mmoja au miwili iliyo muhimu iandikwe kama inavyotamkwa, chini ya tarakimu zake. Vivyo hivyo kwa sehemu: "theluthi mbili" inasomeka kwa haraka kuliko 2/3. Saa ndizo hatari zaidi. Aliyeandika 9:00 akikusudia saa tatu asubuhi anaweza, kwa haraka ya jukwaani, kuwaambia wazazi warudi saa tisa. Kwenye kadi saa huandikwa kama itakavyosemwa.

Hoja moja, kadi moja

Mpaka wa kadi ni hoja, si kujaa kwa karatasi. Kadi yenye mistari miwili ni kadi halali. Kila kadi inapobadilishwa mkononi, msikilizaji huona kituo kidogo, na kituo hicho kinapaswa kuangukia pale maana inapogeuka. Hoja ikikatwa katikati kwa sababu tu nafasi imekwisha, kituo kitaangukia pasipostahili.

Rasimu ya mwanafunzi wetu ilikuwa na kadi tano. Ya 1 ilieleza kwamba asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo viko Indonesia, na kwamba ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Ya 2 ilihusu enzi ya Sayyid Said, ambaye inasimuliwa kwamba aliwataka wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Ya 3 ilikuwa ya kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama. Ya 5 ilikuwa ya kumalizia. Tatizo lilikuwa katika ya 4:

> 4
> Kupanda
> Kupanda – Pemba
> watumwa
> 1873 Barghash
> 1897

Msikilizaji aliandika kwamba alipofika hapa aliangalia kadi mara nne, na kwamba neno "watumwa" alilipita mbio kana kwamba lilikuwa kokoto katika mchele. Sababu haikuwa woga peke yake. Kadi ilibeba hoja mbili. Moja ni ya biashara: uhaba ulipandisha bei, na bei ikavutia upandaji mpya Pemba. Nyingine ni ya watu: mashamba hayo yalipandwa na kuchumwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash mwezi Juni 1873, mwaka mmoja tu baada ya kimbunga, na hali ya utumwa ilikuja kuondolewa kisheria mwaka 1897. Ikiwekwa chini ya bei, habari ya watu hao husikika kama tanbihi. Ikipewa kadi yake, mzungumzaji hulazimika kusimama, kubadilisha kadi na kuitamka. Katika hadhira ya Pemba, ambako mikarafuu mikongwe bado inaonekana, hiyo si tofauti ndogo. Kadi zikagawanywa:

> 4
> Mikarafuu michache → bei ilipanda
> Pemba ikapandwa mikarafuu
> DARAJA: Lakini nani alishika jembe?

> 5
> Watumwa ndio waliopanda, ndio waliochuma
> Juni 1873 – mkataba, Sayyid Barghash
> (bahari tu, mashambani utumwa ukabaki)
> 1897 – kisheria

Mstari wa mabano katika kadi ya 5 uliongezwa kwa sababu katika mazoezi alisema kwamba utumwa ulikwisha 1873. Kadi nzuri hubeba pia onyo la kosa ambalo mwenyewe ameshalifanya.

Daraja huandikwa chini ya kadi inayoachwa, si juu ya kadi inayofuata. Mzungumzaji huanza kulisema akiwa bado ameishika kadi ya kwanza, na mkono hubadilisha kadi wakati mdomo unaendelea. Likiwa juu ya kadi inayofuata, hutokea kimya huku macho yakitafuta.

Kadi ya itifaki

Hotuba nyingi za hadhara Zanzibar huanza kwa salamu na itifaki: mgeni rasmi, mwalimu mkuu, sheha, walimu, wazee, wazazi, kisha wanafunzi. Sehemu hii si ya hoja, ila ndiyo yenye majina na vyeo, na ndiyo inayobadilika dakika za mwisho. Mgeni rasmi aliyetangazwa hutuma mwakilishi. Kiongozi ambaye hakutarajiwa hufika akakaa mstari wa mbele. Mwanafunzi aliyeandika itifaki kwenye kadi ya 1 pamoja na hoja yake ya kwanza hulazimika kufutafuta juu ya kadi ile ile atakayoisoma akiwa na hofu kubwa kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo itifaki inafaa iwe na kadi yake nje ya hesabu, yenye herufi A badala ya namba. Ikibidi, A huchanwa na kuandikwa upya dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani, na 1 hadi 6 hazikuguswa. Kila cheo kiwe na mstari wake kwa mpangilio wa heshima, jina likiandikwa kama linavyotamkwa. Mwakilishi aandikwe pamoja na anayemwakilisha. Iwapo waliotangulia wameshataja vyeo vyote na mshereheshaji anaharakisha, mzungumzaji anaweza kusema "itifaki imezingatiwa" na kwenda moja kwa moja kwenye 1. Kwa mwanafunzi mbele ya wazee wake, hata hivyo, ni adabu kumtaja walau mgeni rasmi na mwalimu mkuu kwanza.

Katika hotuba ya dakika tano, salamu na itifaki zinaweza kula sekunde arobaini. Wengi hufanya mazoezi bila hiyo sehemu, kisha hushangaa muda umekwisha wakiwa kadi moja kabla ya mwisho.

Namba

Namba huandikwa mwisho, baada ya mpangilio kutulia. Wakati wa kuandaa, kadi zitandazwe mezani au sakafuni bila namba, zisogezwe huku na huku, na zisemwe kwa sauti kwa mpangilio tofauti. Anayeanza kwa kuandika 1, 2, 3 juu ya kadi tupu huanza kuutumikia mpangilio wake wa kwanza hata kama ni mbaya. Katika mazoezi, namba za penseli zinatosha. Kadi mpya ikizaliwa, kama ilivyozaliwa ya 5, zote zinazofuata zipewe namba upya. Kuandika "4b" ni sawa nyumbani, lakini jukwaani herufi hiyo ndogo husahaulika.

Mahali pake ni kona ya juu ya kulia. Chini hukaa kidole gumba, na namba iliyofichwa na gumba ni sawa na isiyokuwapo. Iandikwe pamoja na jumla: 3/6, si 3 peke yake. Jumla inamjulisha mzungumzaji amebakiwa na ngapi, na zaidi ya hapo, kadi zikianguka zikaokotwa tano, inamwambia kwamba moja bado iko chini ya kiti. Kadi zikifika tisa, 6 na 9 zipigiwe mstari chini, kwani zikiokotwa kichwa chini hubadilishana sura. Kwa hotuba ya dakika tano, lakini, kadi tisa ni nyingi. Sita au saba zinatosha.

Kuna ujanja wa kale uliotumiwa na watu wa kompyuta zamani za kadi za kutobolewa. Kadi zao zilikatwa kona moja, ili iliyogeuka ionekane mara moja. Wengine walichora mstari wa mshazari ubavuni mwa rundo, na kadi iliyotoka mahali pake ikauvunja mstari huo. Kukata kona kunafaa sana kwa kadi za hotuba, na kunachukua dakika moja ya mkasi. Wapo wanaotoboa kona na kupitisha uzi. Uzi unazuia kadi kutawanyika, ila fundo likikaza sana kadi hazigeuki, na mtu aliyeshika kipaza sauti kwa mkono mmoja hawezi kuzishughulikia. Asiyekuwa na mimbari afadhali azishike huru, na kila kadi iliyotumika aipeleke nyuma ya rundo kwa gumba.

Muda, na kadi inayoweza kurukwa

Chini ya namba huandikwa muda ambao kadi hiyo inapaswa kuwa imemalizika, ukihesabiwa tangu neno la kwanza. Muda huu hupatikana kwa kupima mazoezi kwa saa, si kwa kuhesabu maneno. Vitabu vya Kiingereza hutaja maneno 120 hadi 150 kwa dakika, lakini hesabu hiyo haihamishiki: "hawakutuambia" ni neno moja kwetu, na Kiingereza hulisema kwa maneno matano. Kwa mwanafunzi wetu vipimo vilikuwa hivi: A imalizike sekunde ya 40, ya 1 dakika 1 na sekunde 20, ya 2 dakika 2, ya 3, iliyo ndefu, dakika 3, ya 4 dakika 3 na sekunde 40, ya 5 dakika 4 na sekunde 20, ya 6 dakika 4 na sekunde 50. Sekunde kumi zilizobaki ni za makofi.

Hakuna anayeweza kusoma vipimo vyote hivyo jukwaani. Kimoja tu ndicho cha kuangaliwa kwa kweli, nacho ni cha kadi iliyo katikati. Hapa ni ya 3: akiimaliza saa ikiwa imepita dakika 3 na nusu, kuna kadi lazima irukwe. Uamuzi wa ipi usiachwe hadi wakati huo. Ufanywe nyumbani, na kadi hiyo iwekwe alama ya nyota.

Wengi huweka nyota kwenye kadi waliyoipenda kidogo. Kipimo cha haki ni kuuliza hoja ipi inaweza kutoka bila kuacha shimo. Ya 2 imeshapita kabla ya kujua kama muda umebana, kwa hiyo nyota juu yake haina faida. Ya 6 ina sentensi ya mwisho. Zimebaki ya 4 na ya 5, na mwanafunzi mwanzoni aliweka nyota kwenye ya 5, kwa kuwa ndiyo iliyompa shida. Alipoulizwa wazazi watarudi nyumbani na nini ikiwa itarukwa, aliihamisha. Kupanda kwa bei kunaweza kusemwa kwa nusu sentensi. Habari ya waliofanya kazi haiwezi.

Kuruka kadi si kuitoa tu, kwa sababu daraja la kwenda ya 5 liko chini ya ya 4. Ndiyo maana kadi inayotangulia yenye nyota hubeba madaraja mawili:

> 3/6 (dk 3)
> KIMBUNGA – Aprili 1872
> (elfu moja mia nane sabini na mbili)
> Unguja: sehemu kubwa iling'oka. Pemba: karibu salama
> → 4*: Iliyobaki Pemba ikawa ghali
> → 5: Pemba ikapandwa mikarafuu. Nani alishika jembe?

Namba hazibadilishwi kadi inaporukwa. Ya 4 hupelekwa nyuma bila kusomwa, ya 5 hubaki kuwa ya 5, na hadhira haijui kwamba kulikuwa na nyingine.

Ya 6, ya kumalizia, ilikuwa na maneno mawili, "majamvi" na "Vitongoji", kisha sentensi moja kamili aliyoikariri na bado akaiandika. Nyuma yake katika rundo, kadi zote zikiwa zimezunguka, hutokea tena A yenye majina ya wageni. Mzungumzaji anayetaka kumshukuru mgeni rasmi kwa jina kabla ya kushuka hukuta jina hilo tayari mbele ya macho yake.